Damu ya mwezi: nani huifungua, nani huifunga

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 36, nina watoto watatu na kwa sasa situmii njia yoyote ya uzazi wa mpango. Siku zangu huja kila baada ya siku 29 na hukaa siku 5. Siku ya kwanza ni matone ya kahawia, ya pili na ya tatu ni nyingi na ina mabonge madogo, ya nne inapungua, ya tano inakata yenyewe. Binti yangu wa miaka 13 alivunja ungo mwaka jana. Yake hukaa miezi miwili bila kuja, kisha ikija inatoka siku 12. Ameniuliza kwa nini yangu inajua kukata na yake haijui. Nilikosa jibu. Nani anaifungua damu hii, na nani anaifunga?"*

Marahaba, mama. Mwambie binti yako kwamba damu yako inakata vizuri kwa sababu ilianza vizuri. Kuna homoni moja, projesteroni, ambayo kila mwezi huuandaa ukuta wa ndani wa mji wako wa mimba wote kwa pamoja, kisha huondoka kwa mara moja, na ukuta huo ukabomoka na kujifunga kwa mpangilio. Yeye homoni hiyo bado haitengenezi kila mwezi. Sasa nifuate mzunguko wako wa siku 29, kisha nirudi kwake.

Nianze na siku ya 5, wakati damu yako inakata. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ambao hapa nitauita utando, una tabaka mbili. Ya chini imeshikamana na msuli na haitoki kamwe. Ya juu ndiyo inayoota, kunenepa na kutoka na damu. Hali yake ni kama ukoka uliofyekwa: juu umebaki mtupu, lakini mizizi iko salama ardhini na ndiyo itakayochipua tena. Mizizi hiyo ni vishina vya tezi ndogondogo vilivyobaki katika tabaka ya chini.

Kila tabaka ina mishipa yake ya damu. Tabaka ya chini hulishwa na mishipa mifupi iliyonyooka, ambayo haijali sana homoni za mwezi. Tabaka ya juu hulishwa na mishipa mirefu iliyojisokota, nayo huzitii homoni hizo kwa karibu sana. Ndiyo maana mwili unaweza kuikatia damu tabaka ya juu ikafa yote huku ya chini ikiendelea kuishi. Tofauti hii ikiharibika, hakuna mwezi mwingine utakaojengeka sawasawa. Mwanamke aliyekwanguliwa kizazi kwa nguvu kupita kiasi baada ya mimba kuharibika anaweza kupoteza tabaka ya chini katika baadhi ya sehemu. Mahali hapo panaota kovu, na damu yake ya mwezi inapungua sana au inakoma kabisa ingawa homoni zake ni nzima. Kifua kikuu kikiingia kwenye mji wa mimba kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwako tabaka ya chini ni nzima, hivyo ujenzi unaanza. Katika mojawapo ya ovari zako kifuko chenye yai kinakua, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyomwaga estrojeni nyingi zaidi katika damu. Kazi ya estrojeni kwa utando ni kuotesha. Siku damu inapokata, utando ukipimwa kwa altrasaundi huwa na unene wa milimita chache tu, na yai linapokaribia kutoka unakuwa umefika kama milimita 8 hadi 12. Tezi zinarefuka zikiwa zimenyooka, na mishipa iliyojisokota inazifuata kuelekea juu.

Estrojeni haina kiasi. Itaendelea kuotesha kwa muda wote itakaokuwepo, wala haiutayarishi utando kwa kubomoka. Naomba ulishike jambo hili kwa ajili ya binti yako.

Kwa mzunguko wa siku 29, yai lako hutoka karibu na siku ya 15. Kifuko kilichobaki tupu kinageuka kuwa tezi ya muda yenye rangi ya njano, na tezi hiyo ndiyo inayotengeneza projesteroni. Kuanzia hapo kila kitu kinabadilika. Utando unaacha kukimbilia unene na kuanza kukomaa. Tezi zilizokuwa zimenyooka zinajipinda na kujaa utomvu wenye sukari, ambao ungemlisha mtoto katika siku zake za mwanzo kabisa. Mishipa inazidi kurefuka ilhali utando haupandi tena kwa kasi ile, kwa hiyo inajisokota zaidi. Seli zinazoizunguka zinavimba na kubadilika tabia.

Seli hizo zilizobadilika ni walinzi wa mishipa. Zikiwa chini ya projesteroni zinabeba kwa wingi protini inayoanzisha kuganda kwa damu, na zinazuia vimeng'enya vinavyoweza kuyeyusha bonge au kula kuta za mishipa. Sababu yake ni mimba. Kama kiinitete kingefika, kingechimba utando na kuingia kwenye mishipa yake, na bila ulinzi huo mama angevuja damu. Kwa hiyo projesteroni inapokuwa juu, mlango wa damu umefungwa barabara. Nani anaufungua, basi? Haufunguliwi na homoni nyingine inayokuja. Unafunguka kwa sababu projesteroni inaondoka.

Ile tezi ya njano huishi takribani siku 14 tu. Mimba ikishika, kiinitete hutuma homoni yake, ileile tunayoitafuta kwenye mkojo kwa kipimo cha mimba, na tezi inaendelea kuishi. Mimba isiposhika, tezi inanyauka. Kwako hilo hutokea karibu na siku ya 26 au 27, na projesteroni na estrojeni vinashuka pamoja. Kinachofuata kina hatua mbili.

Hatua ya kwanza hutokea kabla hujaona tone lolote. Projesteroni ilikuwa imeuzuia utando usivimbe kama unavyovimba mkono uliojikata. Kizuizi kikiondoka, seli zinaanza kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazobana mishipa na misuli, na zinatuma wito kwa chembe nyeupe za damu, ambazo zinamiminika kwenye utando. Kwa muda mfupi hatua hii bado inaweza kurudishwa nyuma. Katika majaribio ya nyani, projesteroni ikirudishwa mapema, damu haiji. Saa zikishapita, kurudi nyuma hakuwezekani tena.

Hatua ya pili ni kubomoka kwenyewe. Chembe nyeupe na seli za utando zinatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyuzi zinazoshikilia tabaka ya juu, na mishipa iliyojisokota inajibana kwa nguvu. Mtafiti wa Kimarekani John Markee aliyaona haya kwa macho. Alipandikiza vipande vya utando ndani ya macho ya nyani, nyuma ya kioo cha mbele cha jicho, akawa anaviangalia mwezi hadi mwezi. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1940 alieleza kwamba mishipa hiyo hujibana kati ya saa 4 na 24 kabla ya damu kuanza. Tabaka ya juu inakosa hewa ya oksijeni, sehemu zake zinakufa, kisha mshipa mmoja mmoja unapolegea damu inabubujika kupitia ukuta uliokwisha kudhoofika. Leo tunajua kwamba vile vimeng'enya vina kazi kubwa kuliko alivyoweza kuona yeye, na kwamba kukosa oksijeni peke yake hakutoshi kueleza kila kitu. Hata hivyo picha yake ya mishipa inayojibana imebaki.

Sasa tazama siku zako tano. Matone ya kahawia ya siku ya kwanza ni damu kidogo iliyochelewa njiani, ikabadilika rangi kabla ya kufika kwenye pedi. Wakati huo utando umeanza kuachia mahali hapa na pale tu. Siku ya pili na ya tatu sehemu kubwa inaachia, na msuli wa mji wa mimba, ukisukumwa na prostaglandini zilezile, unajikunja ili kutoa kilichobomoka. Hapo ndipo tumbo linapouma.

Mwanamke wa kawaida hupoteza kwa hedhi nzima kama mililita 30 hadi 40 za damu, yaani vijiko vya chai 6 hadi 8. Pedi zinaonyesha zaidi ya hapo kwa sababu kinachotoka si damu tupu. Sehemu kubwa ni maji ya utando, ute na vipande vya tishu.

Mabonge nayo yana maelezo yake. Utando unaobomoka hutoa kwa wingi kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda, kwa hiyo damu nyingi ya hedhi ilishaganda ndani na kuyeyushwa kabla ya kutoka. Inapotoka kwa kasi kuliko uwezo wa kuyeyushwa, mabonge madogo yanapita. Yako ya siku ya pili na ya tatu, yakiwa madogo, hayaniogopeshi.

Nije sasa kwenye kufunga, ambako ndiko swali lako lilikolenga. Umezaa watoto watatu, kwa hiyo pengine unakumbuka mkunga akikusugua tumbo baada ya kondo kutoka. Wakati ule damu ilisimamishwa hasa na msuli wa mji wa mimba, uliojikunja ukaibana mishipa mikubwa iliyopita ndani yake. Katika hedhi si hivyo. Msuli unasaidia kutoa uchafu, lakini wanaofunga ni wengine watatu, na hawaanzi zamu kwa wakati mmoja.

Wa kwanza ni chembe sahani pamoja na nyuzi za damu inayoganda. Katika saa za mwanzo zinaziba midomo ya mishipa iliyopasuka. Vizibo vyake katika mji wa mimba ni vidogo na havidumu kama vya kidonda cha mkononi, kwa sababu ya ule uyeyushaji nilioutaja. Ni vya kununua muda. Msichana mwenye chembe sahani chache, au mwenye upungufu wa kurithi wa kugandisha damu, huumbuka hapa: damu yake huwa nyingi mno tangu hedhi ya kwanza kabisa.

Wa pili ni mishipa yenyewe. Vizibo vinapoyeyuka, vishina vya mishipa iliyojisokota, vilivyobaki kwenye mpaka wa tabaka ya chini, vinajibana na kubaki vimebana. Prostaglandini moja inabana, nyingine inalegeza, na wingi wa damu yako unategemea ni ipi imezidi. Kwa wanawake wengi wanaotoka damu nyingi bila uvimbe wowote, zile za kulegeza zimezidi. Ndiyo maana dawa kama ibuprofeni, ambayo hupunguza prostaglandini zote, hupunguza maumivu na pia hupunguza damu kwa kiasi. Asiyepatana nayo ni mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na huyo asijinunulie dukani.

Wa tatu ni ngozi mpya, na huyu ndiye anayekata damu kweli. Wengi hudhani utando hubomoka kwanza, ukaisha, ndipo ukarabati ukaanza. Kumbe vyote vinakwenda pamoja. Siku yako ya pili na ya tatu, sehemu moja ya utando inaachia huku ile ya jirani, iliyoachia jana, tayari inafunikwa. Seli zinatoka kwenye vishina vya tezi, zinatambaa juu ya sehemu iliyo wazi na kukutana na wenzao waliotoka kwenye kishina cha jirani. Kufikia siku ya 5 au ya 6 uso wote umefunikwa.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba kazi hii huanza wakati estrojeni iko chini kabisa, kwa hiyo si estrojeni inayoiamuru. Mojawapo ya amri zinazojulikana ni ule uhaba wa oksijeni. Mishipa ilipojibana, seli zilizobaki hai ziliona hewa imepungua, zikawasha vinasaba vinavyoita mishipa mipya na kuharakisha kufunika jeraha. Kitendo kilekile kilichoua tabaka ya juu ndicho kilichoagiza matengenezo ya chini yake. Mishipa isipojibana vya kutosha, mwanamke hupata hasara mara mbili: anatoka nyingi, na amri ya kufunika inachelewa. Jeraha hili pia hupona bila kovu, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka kati ya 30 na 40.

Uso ukishafunikwa, damu imekata. Estrojeni ya kifuko kipya inaanza kupanda, na tumerudi tulipoanzia.

Sasa binti. Aliyevunja ungo mwaka jana mara nyingi bado hatoi yai kila mwezi. Ubongo na ovari zake havijazoeana, na katika mwaka wa kwanza hadi wa pili hilo ni jambo la kawaida. Kifuko kinakua, kinatoa estrojeni, lakini yai halitoki. Tezi ya njano haipatikani, na projesteroni haipatikani. Ile miezi miwili anayokaa bila damu, utando wake unaoteshwa tu, bila kukomazwa. Unanenepa, mishipa yake ni dhaifu, na zile seli za ulinzi hazijatengenezwa.

Hatimaye ama estrojeni inayumba au utando unazidi uwezo wa mishipa kuulisha, ukaanza kumeguka. Hakuna homoni iliyoondoka kwa mara moja ikauambia utando wote ubomoke pamoja, kwa hiyo unameguka kiraka leo, kingine keshokutwa, kingine wiki ijayo. Mishipa haijibani kwa pamoja kwa nguvu ileile. Kiraka cha kwanza kinapona wakati cha nne ndiyo kwanza kinavuja. Siku 12 ni jumla ya viraka hivyo. Kwa kawaida pia haumwi sana na tumbo, kwa kuwa zile prostaglandini nyingi hufuata kushuka kwa projesteroni. Muulize. Akisema hasikii maumivu, itakuwa dalili moja zaidi kwamba yai halijatoka.

Kisa cha aina hii hutokea pia upande mwingine wa umri, mwanamke anapokaribia kukoma hedhi. Na wanaotumia sindano au vijiti vya uzazi wa mpango wanaoona madoa yasiyoisha wana kisa kinachofanana nacho kwa upande wa pili. Wao wanayo homoni ya aina ya projesteroni kila siku, utando wao ni mwembamba na mishipa yake hupasuka kirahisi, na kwa kuwa homoni haishuki kwa mara moja, hakuna siku ya kubomoka yote na kujifunga yote.

Kwa hiyo si lazima binti awe mgonjwa, lakini siku 12 ni nyingi. Hedhi isiyozidi siku 8 ndiyo tunayoihesabu kuwa ya kawaida. Mpeleke kituo cha afya, na usisubiri miadi ikiwa analowanisha pedi nzima kila saa moja au mbili, anatoa mabonge makubwa kuliko sarafu, anapata kizunguzungu akisimama, au moyo unamwenda mbio kwa kupanda ngazi chache. Waombe wapime wingi wa damu na chembe sahani. Waeleze kama hutoka damu puani mara kwa mara, kama fizi zake huvuja, au kama uliwahi kuona jeraha dogo au jino lililong'olewa likivuja kwa muda mrefu, kwa sababu hayo yataonyesha kama kasoro iko kwa yule mfungaji wa kwanza, yaani chembe sahani na kuganda kwa damu. Wakitaka kumpima mimba usikasirike. Hufanywa kwa kila msichana aliyevunja ungo mwenye damu isiyo na mpangilio, na jibu hubadilisha matibabu yote.

Kama kipimo kitaonyesha ana upungufu wa damu mwilini atapewa vidonge vya madini ya chuma, na hivyo aviendeleze kwa miezi kadhaa hata kama amepata nguvu mapema. Kama damu inatoka kwa wingi, daktari anaweza kumpa asidi ya traneksamiki kwa zile siku nzito. Dawa hiyo haigusi homoni. Inazuia tu vizibo visiyeyuke haraka. Na kama tatizo ni kukosa projesteroni, anaweza kupewa vidonge vya homoni inayofanana nayo kwa siku kama 10, kisha akavisimamisha. Hapo wazazi wengi hushtuka, kwa sababu siku chache baada ya kidonge cha mwisho damu hurudi, na wanadhani dawa imeshindwa. Hiyo ndiyo kazi ya dawa. Vidonge vimeukomaza utando wote, kuvisimamisha kumeshusha homoni kwa mara moja, na sasa unatoka wote kwa pamoja kama wako. Weka alama kwenye kalenda siku ya kidonge cha mwisho, siku damu itakapoanza na siku itakapokata. Ikipita wiki mbili bila damu, au ikianza na kuvuka siku ya 8, rudi na kalenda hiyo mkononi.